Posti ya "Makosa 7": mkulima unayemgombeza atakuficha shamba lake



Leo sizungumzii mbegu wala bei ya soko. Nazungumzia posti zetu. Wengi mnaosoma hapa mna kurasa zenu Instagram na Facebook: huyu anauza miche, yule ana duka la pembejeo, mwingine analima nyanya eka 2 na anaonyesha kila hatua. Na karibu kila mmoja wetu ameshaweka ile posti ya picha kadhaa za kusogeza kwa kidole, wengine wanaiita karuseli, yenye kichwa kama "Makosa 7 yanayokufanya upate hasara kwenye nyanya".

Hizo posti zinasambaa kweli. Mtu anayelima anataka kujua anakosea wapi. Ila maoni yangu ni kwamba nyingi tunaziandika vibaya, na mimi nikiwemo. Tunagombeza. Halafu tunadhani shida ya kugombeza ni adabu tu, kwamba mtu atajisikia vibaya. Shida ni kubwa kuliko hiyo. Ukishamwita mkulima mvivu, umeacha kujiuliza kwa nini alifanya alichofanya, na mara nyingi jibu la swali hilo ndilo lenye tiba ya shamba lake. Nitaeleza kwa mfano wangu mwenyewe, maana niliulipia.

Posti niliyoifuta

Msimu mmoja wa kiangazi niliandika karuseli ya makosa ya nyanya. Slaidi ya nne ilikuwa ya kuoza kitako, lile doa jeusi linalotokea chini ya tunda, upande ulipokuwa ua. Niliandika hivi:

"KOSA LA 4: UVIVU WA KUMWAGILIA. Unamwagilia ukikumbuka, nyanya zinaoza, unalaumu mbegu. Acha ubabaishaji! Mwagilia kila baada ya siku 2."

Nikaweka alama nyekundu ya X na picha ya nyanya iliyooza. Watu wakacheka kwenye komenti, wakatagiana. Nikajiona nimefundisha.

Baada ya siku kama 10 dada mmoja anayelima robo eka kwenye bonde moja la Iringa akaniandikia inboksi. "Habari bwana shamba. Samahani, mimi ni yule mvivu wa slaidi ya nne. Lakini naomba kuuliza kitu."

Akanieleza. Shamba lake linapata maji ya mfereji, na zamu yake ni mara moja kwa wiki. Siku 7. Akifungua maji siku isiyo yake, kuna faini na kuna ugomvi na majirani. Kwa hiyo ushauri wangu wa siku 2 kwake haukuwa na maana yoyote, ni sawa na kumwambia mtu asiye na ng'ombe anywe maziwa. Tena alikuwa ameshapiga dawa ya ukungu mara 3, kila wiki mara moja, kwa sababu alidhani ni ugonjwa. Niliposema "uvivu wa kumwagilia" akaona simzungumzii yeye, maana kila zamu yake anaamka alfajiri. Akaendelea na dawa.

Angalieni hapo. Posti yangu ilikuwa na ukweli ndani yake: maji yasiyo sawasawa kweli huleta kuoza kitako. Lakini yule niliyemwandikia hakujitambua kwenye maneno yangu, na aliyejitambua akaona aibu kuuliza. Huyu mmoja alikuwa na moyo wa kuuliza. Sijui ni wangapi walinyamaza wakaenda kununua pakiti ya nne.

Nikaifuta ile posti, nikaiandika upya. Ngoja niwapitishe nilivyobadilisha.

Anza na sababu iliyomfanya akosee

Kabla ya kuandika slaidi yoyote ya kosa, jaza sentensi hii kwenye daftari: "Mkulima anafanya hivi kwa sababu..." Na neno linalofuata lisiwe uvivu, ujinga, ubishi wala tamaa. Ukishindwa kupata sababu nyingine, bado hujalielewa kosa lenyewe. Nenda kaulize watu 2 au 3 waliolifanya.

Kwa kuoza kitako, nilipouliza nilipata sababu mbili za haki kabisa.

Ya kwanza, doa jeusi linafanana na ugonjwa. Na msimu huohuo mkulima anasikia habari za bakajani chelewa, ambalo nalo huweka doa kwenye tunda na linaweza kumaliza shamba haraka hali ikiwa ya baridi na unyevu. Mtu anayewahi dawa hapo anajaribu kuokoa mtaji wake. Huyo hawezi kuitwa mzembe. Kilichokosekana ni kujua namna ya kutofautisha.

Ya pili, ratiba ya maji si ya kwake. Ni ya mfereji, au ni ya pampu anayokodi, au ya bei ya petroli.

Ukishazijua sababu hizi mbili, unajua slaidi zako zizungumzie nini: namna ya kutofautisha, na namna ya kuishi na maji ya siku 7. Ile slaidi yangu ya kwanza haikugusa hata moja.

Karuseli ilivyokuwa baada ya kuandikwa upya

Niliacha makosa 7, nikachukua moja tu. Instagram inakuruhusu kuweka picha hadi 20 kwenye posti moja, ila mimi nilitumia 7, na kila slaidi niliipa maneno machache ili yasomeke kwenye simu ndogo juani.

Slaidi ya 1: "Nyanya zako zinaoza chini? Kabla hujanunua dawa, sogeza."

Haina tusi wala kitisho. Imetaja anachokiona shambani, na imemgusa pale pesa inapotaka kutoka mfukoni.

Slaidi ya 2: "Ukiona doa jeusi, wazo la kwanza ni ugonjwa. Wengi tunawaza hivyo, maana bakajani nalo huweka doa kwenye tunda. Angalia kwanza doa liko wapi."

Hapa ndipo nilipompa mkulima haki yake. Sikumwambia alichofanya ni sahihi. Nimemwambia naelewa kwa nini alikifanya. Ni vitu viwili tofauti.

Slaidi ya 3: "Kuoza kitako: doa liko chini tu, limebonyea, ni kavu kama ngozi, majani ni mazima. Bakajani chelewa: doa la kahawia linaweza kuwa popote kwenye tunda, na majani na shina navyo vina mabaka. Hilo ndilo la dawa ya ukungu."

Slaidi hii ndiyo iliyookoa pesa za watu. Ingekuwa nimeanza na "acha kupiga dawa ovyo", asingefika hapa.

Slaidi ya 4: "Kinachokosekana ni kalsiamu ndani ya tunda. Kalsiamu husafiri na maji. Maji yakikatika halafu yakaja mengi kwa ghafla, tunda changa hukosa, hata kama udongo unayo."

Wakulima wengi wanapenda kujua kwa nini. Majani hupoteza maji mengi hewani, kwa hiyo huvuta maji na kalsiamu kwa nguvu. Tunda hupoteza kidogo, kwa hiyo ndilo la kwanza kukosa. Ndiyo maana pia kupuliza kalsiamu kwenye majani husaidia kidogo sana: ikishaingia kwenye jani haihami kwenda kwenye tunda. Maelezo haya nikayaweka kwenye maandishi ya chini ya posti, ili slaidi isijae.

Slaidi ya 5: "Maji yako ni ya zamu? Siku ya zamu, mwagilia hadi maji yazame vizuri, kisha funika tuta kwa nyasi kavu au mabua ya mpunga, unene wa vidole 4 hivi. Palilia juujuu usikate mizizi."

Slaidi ya 6: "Kama jirani yako ana zamu katikati ya wiki, ongeeni mgawane: nusu ya zamu yake kwako, nusu ya yako kwake. Wote mtapata maji kila siku 3 au 4. Na punguza urea wakati matunda yanatunga. Kwa kukuzia tumia CAN, nayo ina kalsiamu kidogo."

Slaidi ya 7: "Matunda yaliyokwisha kuoza hayaponi, yachume. Angalia vichala vinavyofuata. Wewe maji yako yanakuja kila baada ya siku ngapi?"

Kwa yule dada, wazo la kugawana zamu ndilo lililofanya kazi. Jirani yake naye alikuwa na nyanya zinazooza, hivyo alikubali bila kubembelezwa. Akafunika matuta, akaacha dawa. Vichala vya chini vilikuwa vimeshaharibika, hivyo alivihesabu hasara. Vichala vya juu vilitoka vizuri na alijaza matenga, si kama alivyotarajia mwanzo wa msimu, lakini mtaji ulirudi. Sitaki kusema posti iliokoa shamba. Inboksi ndiyo iliyookoa. Posti ya pili iliwafungulia wengine nao waandike.

Swali la mwisho lina kazi yake

Nataka niseme kidogo kuhusu lile swali la slaidi ya 7, maana watu wengi humaliza na "Umejifunza? Gonga moyo". Swali la siku ngapi lina jibu fupi, namba moja tu, na halimlazimishi mtu kukiri kosa. Mtu anaandika "5" au "8, na pampu ni ya kukodi". Kwa majibu hayo nilijua mengi kuhusu maji ya wafuasi wangu kuliko nilivyojua miaka yote ya nyuma.

Kazi yetu maafisa ugani inategemea mkulima aseme ukweli. Nikikuuliza umepiga dawa gani, kipimo gani, lini mara ya mwisho, nahitaji jibu la kweli. Ukiwa umeshaniona nikimcheka mwenzako kwenye posti, utanipa jibu zuri badala ya jibu la kweli. Utasema ulitumia kipimo cha kwenye kibandiko wakati ulikadiria kwa kifuniko. Mimi nitashauri juu ya uongo, na shamba litaendelea kuharibika. Ninyi mnaouza miche na pembejeo mko palepale: mteja anayeogopa kuchekwa hatakuambia miche ilikaa siku ngapi kwenye gunia kabla ya kupandwa, atasema tu miche yako ni mibovu.

Slaidi moja ikisafiri peke yake

Jambo lingine nililojifunza kwa uchungu. Watu hawasambazi karuseli nzima. Wanapiga picha ya skrini ya slaidi moja, wanaiweka statasi ya WhatsApp au wanaituma kwenye grupu la kikundi chao. Kwa hiyo kila slaidi lazima iweze kusimama peke yake.

Ile staili yetu ya kuandika kosa kwa herufi kubwa kwenye slaidi moja na suluhisho kwenye slaidi inayofuata ni ya hatari. Nimewahi kuiona slaidi ya mtu ikizunguka kwenye grupu, imeandikwa kwa herufi kubwa kuhusu kuchanganya dawa za aina mbalimbali kwenye pampu moja, na pembeni X nyekundu ndogo. Picha ilikuwa imekatwa, X haionekani vizuri. Wawili kati ya waliojibu walishukuru wakisema watajaribu. Mtu aliyetaka kukemea alijikuta amefundisha kosa.

Dawa yake ni rahisi. Herufi kubwa ziwe za kitendo sahihi, kosa liwe kwa herufi ndogo, na vyote vikae kwenye slaidi moja. Badala ya "KOSA: KUPIGA DAWA YA UKUNGU" andika "ANGALIA MAJANI KWANZA", halafu chini: "kama ni mazima na doa liko kitakoni tu, dawa ya ukungu haitasaidia." Mwandishi anayegombeza hupenda kulipa kosa nafasi kubwa kwa sababu ndilo linalochekesha. Anayemjali msomaji hulipa suluhisho nafasi hiyo.

Upole una mpaka wake

Kuna mtu ataniambia, "Bwana shamba, sasa unataka tubembeleze watu wanaouza nyanya zenye sumu?" Hapana. Kuna slaidi ambazo lazima ziseme wazi bila kuzunguka, na mfano mzuri ni siku za kusubiri kati ya kupiga dawa na kuvuna. Idadi ya siku imeandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Anayevuna kabla ya siku hizo anamlisha mtu mwingine sumu. Hapo usiandike "jitahidi" wala "ikiwezekana". Andika: "Usivune kabla siku za kusubiri hazijaisha."

Lakini hata hapo sababu ipo, na usipoitaja umeandika amri tupu. Mkulima amepiga dawa Jumatatu. Jumatano dalali anapiga simu, lori linapita, bei imepanda. Nyanya zimeiva na hazisubiri. Huyo hajaamka asubuhi akiwa na nia ya kuumiza mtu. Amebanwa kati ya lori na kibandiko.

Sasa mpe njia ya kutokea hapo: "Nyanya zikianza kuiva, vuna kwanza halafu ndipo upige dawa. Na kabla ya kununua, uliza dukani dawa yenye siku chache za kusubiri, kisha uzipange na siku zako za kuvuna." Katazo halijalegea hata kidogo. Kilichoongezeka ni namna ya kulifuata lori likiwa barabarani.

Kwa hiyo nikisema tuandike kwa kumjali msomaji, simaanishi kupaka kosa sukari. Kama kosa lina gharama, itaje gharama. Kama tunda haliponi, sema haliponi. Na usijifanye ulikosea pamoja naye kama hukukosea. Neno "wengi wetu" linanoga likiwa la kweli. Likiwa la uongo, msomaji analisikia. Mimi kwenye slaidi ya 2 niliandika "wengi tunawaza hivyo" kwa sababu nilipotoka chuoni na stashahada yangu mpya niliwahi kumwambia mzee mmoja kwa simu apige dawa ya ukungu, na nilipofika shambani nikakuta ni vitako tu. Mzee hakunigombeza. Alinionyesha majani, akasema, "Mwanangu, hebu angalia hapa." Nilijifunza siku hiyohiyo, na sijasahau.

Kabla hujabonyeza kuposti

Mimi sasa nafanya jaribio moja tu. Namtafuta mkulima mmoja aliyewahi kufanya kosa hilo, nampa simu yangu asome slaidi zote kwa sauti, nami nanyamaza. Akifika slaidi akacheka kwa aibu au akaanza kujitetea, "lakini mimi sikuwa na...", nasimamisha hapo. Kile anachojitetea nacho ndicho kilichokosekana kwenye slaidi. Naandika maneno yake, naiandika upya. Inachukua kama nusu saa, na mara nyingi kwenye hiyo nusu saa napata suluhisho ambalo sikufundishwa chuoni, kama lile la kugawana zamu ambalo nilikuja kulisikia kwa wakulima wenyewe.

Kama una karuseli ya makosa uliyoipanga wiki hii, usiitupe. Itoe, tafuta kila palipo na "acha", "uvivu" na "ubishi", na pembeni ya kila neno andika sababu ya mkulima. Palipokosa sababu, hapo ndipo pa kwenda kuuliza kabla ya kuposti.

Tukutane shambani.